Fungu la Mwisho Ndilo Ghali Kuchelewa

Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa hupokea mkopo wake kwa siku moja. Benki humlipa muuzaji, hati inaandikwa rehani, na mnunuzi huanza kurejesha. Anayejenga mwenyewe hawezi kupewa fedha kwa mtindo huo, kwa sababu siku anayosaini mkataba kitu pekee anachoweza kuonyesha ni kiwanja chenye majani. Benki ikitoa milioni 60 juu ya kiwanja cha milioni 10, na fundi akatoroka au mwenye nyumba akatumia fedha kwa harusi, hakuna cha kuuza kitakachorudisha deni. Kwa hiyo benki hutoa fedha kwa mafungu: msingi ukifika jamvi, fungu moja, kuta zikifika lenta, jingine, nyumba ikipauliwa, jingine tena. Deni linapanda kadiri thamani inavyopanda kiwanjani.

Utaratibu huu huonekana kama usumbufu wa benki, na wajenzi wengi huuchukulia hivyo. Kwa kweli ndiyo nafasi kubwa zaidi aliyo nayo mkopaji ya kupunguza riba, kwa kuwa riba ya mkopo wa namna hii huhesabiwa juu ya kile kilichotolewa tu. Kilichoidhinishwa lakini bado kiko benki hakina riba, isipokuwa mkataba uwe na ada ya kutunziwa fedha hizo. Tatizo ni kwamba nafasi hiyohiyo inaweza kupotea yote katika miezi mitatu au minne ya uzembe, na mara nyingi hupotea mwishoni, nyumba ikiwa imebaki vitu vidogo.

Nchini Tanzania mkopo wa nyumba wa muda mrefu ni jambo geni kiasi. Sheria ya mwaka 2008 iliyorekebisha masuala ya rehani, na kuanzishwa kwa Kampuni ya Tanzania ya kuzikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba mwaka 2010, ndivyo vilivyofungua mlango kwa benki kukopesha kwa miaka 15 na zaidi. Kabla ya hapo, na hata leo kwa walio wengi, nyumba imejengwa kwa akiba, kwa mchezo wa kupeana, au kwa mkopo wa mshahara. Mkopo wa mshahara hutolewa wote kwa mkupuo. Mtumishi anaingiziwa milioni 30 leo, riba inaanza leo juu ya milioni 30 zote, ilhali tofali za kwanza zitafyatuliwa mwezi ujao na bati zitanunuliwa mwakani. Huko mkopaji hana la kupanga. Kwenye mkopo wa mafungu analo.

Hesabu inaonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja. Chukua familia ya mwalimu wa sekondari na mkewe muuguzi, wenye kiwanja chenye hati Kibaha. Wana ramani ya nyumba ya vyumba vitatu na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Mkadiriaji majenzi amewaandikia makadirio ya shilingi milioni 80. Wanazo milioni 20 zao, na benki imekubali kukopesha milioni 60 kwa miaka 15. Riba iwe asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, ili hesabu iwe nyepesi kufuata. Viwango halisi hutofautiana kati ya benki na benki, lakini mwendo wa hesabu ni uleule.

Benki itataka milioni 20 zao zitangulie. Hili ni sharti la kawaida na lina mantiki: mkopaji aliyezika fedha zake ardhini hakimbii. Basi fedha zao zinajenga msingi hadi jamvi. Baada ya hapo mkaguzi wa benki anakwenda kuangalia, anaandika ripoti, na benki inatoa milioni 15 za kupandisha kuta hadi lenta. Miezi miwili baadaye, lenta ikiwa imemwagwa na kukaguliwa, zinatoka milioni 18 za kupaua. Miezi miwili tena, milioni 12 za plasta, mabomba na nyaya. Miezi miwili mingine, milioni 15 za madirisha, milango, marumaru na rangi. Mwisho wa mwezi wa nane nyumba imekwisha. Kila hatua imepewa kama wiki sita za kazi na wiki mbili za kusubiri ukaguzi na malipo.

Sasa riba. Miezi miwili ya kwanza deni ni milioni 15, na riba ni shilingi 225,000 kwa mwezi. Miezi miwili inayofuata deni ni milioni 33, riba 495,000. Kisha deni ni milioni 45, riba 675,000. Miezi miwili ya mwisho deni limefika milioni 60 na riba ni 900,000 kila mwezi. Ukijumlisha miezi yote minane unapata shilingi milioni 4.59. Kama milioni 60 zote zingetolewa siku ya kwanza, miezi hiyohiyo minane ingekula milioni 7.2. Kutolewa kwa mafungu kumeiokolea familia shilingi milioni 2.61 bila mtu kufanya kazi ya ziada.

Lakini tazama umbo la hesabu hiyo. Mwezi mmoja wa kusimama kazi ilipofika lenta unagharimu 225,000. Mwezi mmoja wa kusimama nyumba ikisubiri madirisha unagharimu 900,000. Ni mwezi uleule, ni mafundi walewale waliokaa kivulini, lakini gharama ni mara nne. Familia hii ikichelewa miezi minne mwishoni, kwa sababu fundi wa aluminiamu amepokea malipo ya awali kwa watu wanane na anawazungusha wote, italipa riba ya ziada ya milioni 3.6. Faida yote ya mafungu imeondoka na nyongeza ya karibu milioni moja juu yake.

Hapa ndipo mazoea ya ujenzi wa akiba yanapomponza mkopaji. Anayejenga kwa akiba huharakisha mwanzo na kutulia mwisho. Akipata fedha anakimbilia msingi na kuta ili kiwanja kionekane kina mtu, halafu umaliziaji unakwenda taratibu kwa miaka, mlango mmoja mmoja. Kwa fedha zake mwenyewe hapotezi kitu kikubwa kwa mwendo huo. Kwa fedha za benki mpango unapaswa kugeuzwa: subira yote iwekwe mwanzoni, wakati deni halipo au ni dogo, na mwisho uende mbio.

Kipindi cha bei nafuu kuliko vyote ni kile kati ya barua ya kukubaliwa mkopo na fungu la kwanza. Riba haijaanza. Huu ndio wakati wa kumaliza kila kinachosubirisha: kuchora michoro ya umeme na maji, kuchagua na kukubaliana bei ya madirisha na milango kwa maandishi, kujua mita ngapi za bati zinahitajika na duka gani litazipeleka kiwanjani, kuulizia nguzo ya umeme ya karibu iko umbali gani na maji yatatoka wapi. Mwenye nyumba anayeanza kuulizia umeme siku nyumba inapigwa rangi anaulizia kwa gharama ya shilingi 30,000 kwa siku, ambayo ndiyo riba ya milioni 60 kwa kiwango cha mfano huu. Benki, bila shaka, ina tarehe ya mwisho ya kuanza kuchukua mkopo, na ipo katika barua ya ofa. Kabla ya tarehe hiyo mkopaji ana haki ya kujiandaa.

Mvua nayo iingie katika kalenda. Pwani ya Tanzania masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Msingi uliochimbwa Machi hujaa maji na kuta zake kuporomoka. Familia ya Kibaha ikianza msingi kwa fedha zake mapema Juni, na fungu la kwanza likatoka Agosti, kuta zitapanda wakati wa ukame, na kupaua kutaanza Oktoba vuli ikibisha hodi. Plasta itapigwa chini ya paa, ambako mvua haina neno. Ikianza msingi Januari, fungu la kwanza litatoka Machi, na kuta zitapanda katikati ya masika, lori la mchanga likikwama barabarani huku riba ikihesabiwa kila siku. Ujenzi ni uleule na mafundi ni walewale. Tofauti iko katika mwezi wa kuanza.

Ukaguzi ni sehemu nyingine ambapo siku hupotea kimyakimya. Wenye nyumba wengi humwita mkaguzi hatua ikiwa imekwisha kabisa, kisha hukaa kusubiri. Benki nyingine ina mkaguzi mmoja kwa eneo kubwa, ripoti inapita kwenye meza mbili tatu, na wiki mbili zinageuka nne. Mkopaji makini huomba miadi ya ukaguzi wakati kozi za mwisho za tofali zinapangwa, ili mkaguzi afike lenta ikiwa imesukwa nondo lakini haijamwagwa zege. Jambo hili lina faida mbili. Linaokoa wiki, na linamwonyesha mkaguzi kitu ambacho baada ya zege hakitaonekana tena: idadi na unene wa nondo, na jinsi ringi zilivyofungwa. Pale ambapo mkaguzi hakuweza kufika kwa wakati, picha zenye tarehe za kila hatua, hasa za vitu vitakavyofukiwa, hupunguza ubishi. Mkaguzi asiyeona nondo ana haki ya kukataa kuithamini kazi, na wengine hukataa.

Kuna jambo moja la mkaguzi ambalo huwashangaza wengi. Yeye huthamini kazi iliyojengwa, na vifaa vilivyorundikwa stoo kwa kawaida havihesabu. Mwenye nyumba aliyeona saruji inapanda bei akanunua mifuko 200 kwa fungu la kuta ataambiwa kuta zimefika nusu, kwa hiyo fungu linalofuata halitoki. Saruji yake ni mali kweli, lakini si kazi. Baya zaidi, saruji iliyokaa stoo yenye unyevu kwa miezi michache huanza kuganda na kupoteza nguvu. Kama ununuzi wa mapema una maana, kama ilivyo kwa bati zenye bei ya ofa, uzungumzwe na benki kabla fedha hazijatoka.

Swali linalofuata lapaswa kuulizwa mapema kuliko yote, na bado ni wachache wanaouliza: fungu linatolewa kabla ya hatua au baada yake? Katika mfano wa Kibaha benki inatoa fedha za kuta kabla kuta hazijajengwa, kwa kuridhika kwamba msingi umekwisha. Benki nyingine hufanya kinyume. Jenga kuta kwanza, zikaguliwe, ndipo ulipwe. Kwa mtindo huo familia ingehitaji milioni 15 nyingine mkononi ili kufika lenta, na hazipo, kwa kuwa milioni 20 zimekwisha ardhini. Matokeo yake yanajulikana katika kila mtaa unaojengwa. Mwenye nyumba anachukua saruji na nondo dukani kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya fedha taslimu, au anakopa kwa simu ili awalipe vibarua Jumamosi. Riba ya benki inaonekana ndogo, lakini pembeni kumezaliwa madeni mawili yasiyoandikwa katika makadirio yoyote. Anayepewa mkataba wa namna hiyo abakize sehemu ya akiba yake kwa ajili ya hatua ya kwanza ya mkopo, au aombe hatua zigawanywe ndogondogo: kuta hadi usawa wa madirisha, kisha hadi lenta. Hatua ndogo huhitaji fedha kidogo za kutangulia, ingawa kila ukaguzi wa ziada una ada yake.

Benki nyingi pia hushikilia sehemu ya fungu la mwisho hadi nyumba ikamilike na kukaguliwa. Fedha hiyo itakuja, lakini itakuja baada ya rangi, wala haiwezi kununua rangi.

Sababu nzito kuliko zote za kusimama kwa ujenzi wa mkopo iko mbali na mvua na wakaguzi. Ni pale kiasi kilichobaki benki kinapokuwa kidogo kuliko kazi iliyobaki kiwanjani. Kila mkaguzi anapofika huuliza mambo mawili: kimejengwa nini, na je, fedha zilizobaki zinatosha kumaliza? Jibu la pili likiwa hapana, benki husimamisha mafungu mpaka mkopaji ajaze pengo kwa fedha zake. Kwa benki hilo ni busara, kwa sababu kuendelea kutoa ni kuongeza deni juu ya nyumba isiyoweza kuisha.

Pengo hilo huzaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni makadirio yaliyopotoshwa. Fundi au mkandarasi hupenda hatua za mwanzo zipewe bei kubwa ili apate fedha mapema, na hatua za mwisho zipewe bei ndogo ili jumla ibaki ileile. Mwenye nyumba anaona jumla ni milioni 80 na anaridhika. Ukweli hujitokeza wakati wa umaliziaji, milioni 15 zilizoandikwa kwa madirisha, milango, marumaru na rangi zinapotakiwa kuwa 22. Dalili yake inaweza kuonwa kabla ya kusaini: katika nyumba ya kawaida ya chini, umaliziaji hula sehemu kubwa ya gharama, na makadirio yanayoonyesha msingi na kuta vimechukua zaidi ya nusu huku umaliziaji ukiwa kidogo tu yanastahili kupelekwa kwa mkadiriaji mwingine ayapitie upya.

Njia ya pili ni mwenye nyumba mwenyewe. Kuta zikisimama, macho hufunguka. Familia ya Kibaha inaona nyumba ya jirani yenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ile inayopendwa siku hizi, na inaamua kuacha paa la kawaida lililochorwa. Kuta zinaongezwa juu, mifereji ya maji inahitaji zege na dawa ya kuzuia uvujaji, na milioni 18 za kupaua zinakuwa 24. Milioni sita hazipo. Paa linasimama nusu, mkaguzi hawezi kuandika kwamba hatua imekwisha, milioni 12 za plasta hazitoki. Baba na mama wanatafuta milioni sita kwa miezi mitatu, na kila mwezi wanalipa riba ya 495,000 kwa nyumba isiyo na paa. Uamuzi wa milioni sita umegeuka kuwa wa karibu milioni saba na nusu, na miezi mitatu ya kodi ya nyumba wanayopanga haijahesabiwa.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: asilimia 10 hivi ya makadirio iwekwe pembeni kama fedha ya dharura, na ramani isiguswe baada ya fungu la kwanza. Atakayebadilisha ramani kwa lazima, abadilishe kwa kupunguza. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri badala ya marumaru vyumbani, dari lisubiri, uzio usubiri. Vitu hivyo vinaweza kuongezwa miaka ijayo bila kubomoa chochote. Paa, nyaya na mabomba haviwezi.

Inabaki riba yenyewe ya kipindi cha ujenzi: ilipwe na nani, lini? Benki nyingi hutoa kipindi cha neema cha miezi 6 hadi 12 ambapo mkopaji halipi deni la msingi. Maana ya neema hiyo hutofautiana. Kwa benki nyingine mkopaji analipa riba tu kila mwezi. Kwa nyingine halipi kitu, na riba inaongezwa juu ya deni. La pili linavutia sana, hasa kwa familia inayolipa kodi ya nyumba wakati huohuo inajenga, lakini ni vyema hesabu yake ionekane.

Familia yetu ikilipa riba kila mwezi, itatoa milioni 4.59 mfukoni, na mwisho wa mwezi wa nane deni litabaki milioni 60. Rejesho la kila mwezi kwa miaka 15 litakuwa kama shilingi 966,000. Ikiacha riba iongezwe juu ya deni, siku ya kuhamia deni litakuwa kama milioni 64.77, na rejesho litapanda hadi kama shilingi 1,043,000. Tofauti ni karibu 77,000 kwa mwezi. Inaonekana ndogo, lakini inalipwa mara 180, na jumla yake inafika milioni 13.8. Riba ya milioni 4.59 iliyoahirishwa imegharimu mara tatu yake.

Hivyo basi, palipo na uwezo wowote, riba ya ujenzi ilipwe inapoiva. Na kwa kuwa haikuwekwa katika makadirio ya mkadiriaji majenzi, ambaye kazi yake ni tofali na zege, mkopaji mwenyewe aiongeze kama kifungu cha gharama. Nyumba ya familia ya Kibaha haigharimu milioni 80. Inagharimu 80, na riba milioni 4.6, na dharura milioni 8, na kodi ya miezi minane ya nyumba wanayopanga. Ikiwa kodi ni 250,000, hiyo ni milioni mbili nyingine. Miezi miwili ya mwisho ndiyo migumu: riba 900,000 na kodi 250,000, jumla milioni 1.15 kila mwezi, zaidi ya rejesho la kawaida litakaloanza baadaye. Kwa mtumishi ambaye makato hayapaswi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara, miezi hiyo ifanyiwe mahesabu kabla ya kusaini, isisubiriwe ifike.

Kuna mbinu moja ya Watanzania wengi inayosaidia hapa, nayo ni kuhamia kabla ya nyumba kwisha. Vyumba viwili, choo, bafu na jiko vikikamilishwa kwanza, kodi ya 250,000 inakoma, na fedha hiyo inaingia kwenye riba. Mpangilio wa kazi ya umaliziaji ufuate lengo hilo tangu mwanzo: mafundi wamalize upande mmoja wa nyumba badala ya kupaka kila chumba kidogokidogo. Benki na halmashauri ziulizwe kwanza, kwani zipo zinazotaka nyumba ikaguliwe kabla ya mtu kulala ndani.

Riba pia inaweza kubadilika ujenzi ukiendelea. Kenya ilitoa funzo la wazi: kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa kimepanda hadi asilimia 13, kabla ya kuanza kushushwa Agosti mwaka huo. Aliyekuwa na mkopo wa riba inayoelea alianza msingi katika hali moja na kupaua katika nyingine. Tanzania ilianza kutumia riba ya Benki Kuu kama dira ya sera Januari 2024, ikiwa asilimia 5.5, na mabadiliko yake tangu hapo yamekuwa madogo. Hata hivyo mkataba ukisema riba inaelea, mkopaji apime uwezo wake kwa kiwango cha juu kidogo. Kwenye deni la milioni 60, kila asilimia mbili zinazoongezeka ni shilingi 100,000 zaidi kwa mwezi.

Wasiotaka riba kwa sababu za dini, ambao ni wengi Zanzibar na mwambao, wanayo njia ya istisnaa. Taasisi ya fedha inakubali kumjengea mteja nyumba yenye sifa zilizoandikwa, kwa bei iliyojulikana mwanzoni ikiwa na faida yake ndani, na mteja analipa kwa awamu. Mafungu kwa mjenzi yapo vilevile, na ukaguzi upo. Tofauti kubwa kwa mada hii ni kwamba bei imefungwa, na mwezi mmoja wa mvua hauiongezi. Kwa sababu hiyo maelezo ya nyumba hayana budi kuwa kamili tangu siku ya kwanza, kwa maana kila badiliko la ramani linahitaji makubaliano mapya.

Mengi ya haya yanaamuliwa na karatasi moja, barua ya ofa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki zimweleze mteja masharti kwa uwazi kabla hajafunga mkataba, kwa hiyo kuuliza si kusumbua. Aulize kama riba inahesabiwa kwenye kilichotolewa tu. Aulize fungu linatoka kabla ya hatua au baada, na ndani ya siku ngapi tangu ukaguzi. Na swali linalosahaulika zaidi ni hili: kipindi cha neema kinakwisha lini, nyumba inapokamilika au tarehe fulani ikifika? Mikataba mingi hufuata tarehe. Ikifika, rejesho kamili linaanza hata kama nyumba haina milango, na familia inalipa 966,000 za benki na 250,000 za kodi kwa wakati mmoja. Kwa ujenzi uliopangwa miezi minane, neema ya miezi sita haitoshi, na mkopaji aombe 12 kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini ombi hilo linakuwa maombi ya kurekebisha mkopo.

Na kama baada ya hesabu zote familia haina fedha za kulipa riba ya ujenzi kwa muda uliopangwa na miezi mitatu zaidi, basi isichukue fungu la kwanza. Kiwanja na hati havina riba vikikaa mwaka mmoja zaidi wakati akiba inajengwa, lakini nyumba iliyosimama ikiwa na milioni 60 juu yake inadai 900,000 kila mwezi.